Basi la mwisho, mwenzangu anatetemeka, na kiatu changu kimoja

MamaMashuka (mwanzisha uzi)

Habari za usiku wanajamvi. Naandika hili nikiwa bado sisemeshani na dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo mkinikuta na ukali kidogo mnivumilie.

Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, zamu inayoishia saa 3 usiku. Basi la mwisho la kwenda kwetu linapita saa 3:40. Kutoka getini hadi kituoni ni dakika 12 kwa mguu, na ukilikosa hilo hakuna jingine mpaka saa 11 alfajiri. Nyumbani nina watoto wawili, mmoja miaka 11, mwingine 3. Baba yao hayupo. Jirani hukaa nao mpaka nirudi, saa 4 na robo hivi.

Siku hiyo tulibaki wawili tu, mimi na mwenzangu mmoja, mama wa miaka 61. Hapa nitamwita Da Mkubwa. Tulikuwa tunakunja mashuka ya vitanda vikubwa, ile kazi ya watu wawili: kila mmoja kashika pembe zake, mnavuta, mnakung'uta, mnakutana katikati. Pembe yake ikamponyoka. Nikaiokota nikampa. Ikamponyoka tena. Mara ya tatu hakuangalia hata ilikoangukia. Alibaki amesimama kainua mikono, kama mtu ambaye bado ameshika shuka.

Kile chumba ni tanuri, sote huwa tumelowa jasho, kwa hiyo jasho lake halikunishtua. Kilichonishtua ni nilipomshika shingo. Lilikuwa la baridi.

Nilijua ana kisukari, kwa sababu kila siku nikimkaribisha chai yangu hukataa. Nikamkalisha kwenye rundo la taulo, nikafungua mkoba wake, nikakuta ile mashine ya kujipimia na vijiti vinne vimebaki. Nikamtoboa kidole. Ikasoma 2.6. Mimi si mtaalamu, ila binamu yangu ana ugonjwa huo na nimewahi kusikia kwamba chini ya 4 si pazuri. Pembeni tulikuwa na boksi la vile vipakiti vya sukari vinavyowekwa vyumbani kwa wageni, kimoja gramu 5. Nikachana vitatu nikavikoroga kwenye kikombe cha maji.

Akakataa. "Mimi mgonjwa wa sukari unaninywesha sukari? Unataka kuniua?" Na alisema kwa ukali, Da Mkubwa ambaye tangu nimjue sijamsikia akipaza sauti. Nikamlazimisha kama ninavyomlazimisha mwanangu mdogo dawa ya minyoo.

Baada ya robo saa nikapima tena. 4.3. Mkono umeacha kutetemeka, uso umerudi rangi. Akaniambia, "Nenda mwanangu, utachelewa basi. Niko sawa, mimi nitalala hapahapa kwenye taulo mpaka asubuhi."

Saa ya ukutani ilikuwa 3:28. Dakika 12 kamili, nikikimbia nalipata. Nikabeba mkoba, nikampigia mlinzi wa geti kumwambia kuna mtu atalala ndani, nikainama kuvaa viatu. Cha kulia nikakiona. Cha kushoto sikioni. Nikatafuta chini ya meza ya pasi, nyuma ya mashine.

Kilikuwa mguuni kwake. Mguu mmoja kiatu chake, mwingine changu, na ametulia kabisa wala hana habari.

Mdogo ananiita, nitaendelea. Ila kabla sijamaliza niambieni: ingekuwa wewe, ungeondoka au ungebaki?

Mkurupukaji

Yaani mwenzako anaumwa halafu unawaza basi? Ndoa za siku hizi. Mumeo akipona atakukumbusha hilo mpaka uzeeni.

BintiWaTano

@Mkurupukaji mwenzangu wa KAZINI. Ni mama wa miaka 61. Soma kabla ya kuandika, kaka.

Mkurupukaji

Aaa. Samahani. Kichwa cha habari kimenipoteza.

MzeeKifimbo

Mimi nimeishi na mgonjwa wa sukari nyumbani, mke wangu, kwa hiyo nasema ninachokijua. Sukari ikishuka, mpe kitu kitamu, subiri dakika 15, pima. Ikishapita 4, mtu amepona. Mama ulifanya kila kitu sawasawa, na 4.3 ilikuwa ruhusa yako ya kwenda kwa wanao. Kiatu si ugonjwa, hata mimi huvaa cha mke wangu gizani. Ningekuwa wewe ningevua kile kiatu, nikakimbia.

Jambo moja ulilokosea ni kutumia sukari ya maji. Chokoleti ndiyo bora, ina nguvu zaidi.

SindanoNne

Miaka 19 ya insulini hapa, sindano nne kwa siku. Naomba niseme kutoka ndani ya hicho kichwa.

Ukishuka, ubongo ndio unaokosa chakula wa kwanza, na ubongo huohuo ndio unaoulizwa "uko sawa?" Mimi nikishuka nakuwa mjinga mwenye kujiamini. Niliwahi kumfukuza shemeji yangu sebuleni kwa kosa la kuniletea juisi. Nilipopanda nikamwomba radhi, lakini wakati ule nilikuwa na uhakika kwamba ana njama.

Kwa hiyo "nenda, niko sawa" ya Da Mkubwa haina uzito wowote. Usimuulize mtu wa namna hiyo kama yuko sawa. Mpe kitu cha kujibu. Mwambie ahesabu kurudi nyuma kutoka 20 kwa kuruka tatutatu, au akueleze anavyofika nyumbani kwake, akishuka wapi na akipinda wapi. Akikwama, bado hajarudi, hata kama mashine inasema 4.3. Namba hupanda kabla ya akili. Mimi huchukua hata nusu saa na zaidi baada ya namba kukaa sawa ndipo najisikia mwenye nyumba amerudi.

Kile kiatu, dada, kilikuwa kipimo cha pili na wewe ukakisoma.

NesiWaUsiku

Nimekaa kwenye mapokezi ya dharura miaka mingi, zamu za usiku karibu zote. Nina swali moja tu kwa mwanzisha uzi, na jibu lake ndilo litakaloamua kama alipaswa kupanda basi: Da Mkubwa anatumia dawa gani, na aliinywa saa ngapi?

Wakati tunasubiri, Mzee Kifimbo, shikamoo. Umesema kweli nusu. Kwa mtu anayechoma insulini ya haraka, ya kula, maneno yako yanakaribia ukweli: insulini ile huisha ndani ya saa chache, mgonjwa akinywa sukari kisha akala mlo, mara nyingi kazi imekwisha. Ila si wote wanaoshuka kwa insulini. Na chokoleti hapana. Mafuta yaliyomo ndani huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Sukari ya maji aliyotumia huyu mama ndiyo sahihi, na gramu 15 ndicho kipimo chenyewe. Soda ya kawaida nayo inafaa, nusu glasi hivi. Soda ya wanaojipunguza haifai kitu, haina sukari ndani, na nimeona watu wakinyweshwa chupa nzima na ndugu wanashangaa mbona hapandi.

MzeeKifimbo

Marahaba mwanangu. Chokoleti nimekubali. Mengine nasubiri.

BintiWaTano

Jamani mimi nimeogopa. Mashine ya mama yangu juzi ilisoma 98 na tukashangilia. Huku mnasema 4. Mama yangu yuko 98 maana yake nini?

SindanoNne

@BintiWaTano tulia. Mashine zina lugha mbili. Moja inasoma namba ndogo, nyingine namba kubwa, zidisha ndogo kwa 18 utapata kubwa. 98 ya mama yako ni kama 5.4 yetu, safi kabisa. Mpaka tunaouogopa ni 3.9, kwa mashine yenu ni 70. Ila angalia mashine yenu inasoma kwa lugha gani KABLA ya siku ya shida, siyo siku hiyo.

Kondakta_Mstaafu

Nimeona "basi la mwisho" nikaingia. Nimefanya kazi mlangoni miaka 22 na basi la mwisho ndilo lililokuwa langu.

Nitawaambia kitu ambacho abiria hawakijui. Basi la mwisho linasubiri. Siyo sana, dakika mbili tatu, lakini linasubiri, kwa sababu dereva anajua waliobaki kituoni hawana pa kwenda. Ila mtu lazima aonekane. Tukiona mtu anakimbia na taa ya simu tunasimama. Tulikuwa na wa kila siku ambao tukifika kituoni hawapo, tunaulizana, "Yule mama wa hoteli yuko wapi leo?" Kama una namba ya kondakta wa zamu hiyo, mpigie. Ndiyo ningemwambia huyu mama: chukua namba yake kesho.

Lakini dakika tatu haziponyi mgonjwa, hilo najua.

Mtoro77

Mlinzi wa geti si yupo? Mwachie mlinzi, panda basi. Mbona mnakuza mambo.

MamaMashuka

Nimerudi. Nesi umeniuliza dawa, na ajabu ni kwamba hata mimi ndilo nililouliza, ingawa sikujua kwa nini nauliza.

Nilipoona kile kiatu nilicheka kwanza. Halafu nikaogopa. Nikamwambia, "Da Mkubwa, leo umekula saa ngapi?" Akafikiri. Asubuhi. Mchana? Mchana mzigo wa ghorofa ya nne ulikuja wote pamoja, akasema atakula jioni. Jioni mashine moja ikagoma tukafanya ya watu watatu. Na dawa? Dawa alikunywa saa 12 jioni kama kawaida yake, nusu saa kabla ya kula, maana ndivyo alivyoelekezwa. Chakula hakikuja, ila dawa ilishaingia. Akanionyesha karatasi ya vidonge: glibenklamidi.

Sikujua ni nini. Nilichojua ni kwamba mtu ambaye dakika tano zilizopita aliniambia yuko sawa amevaa kiatu changu. Nikakaa chini. Nilikaa pale kwenye taulo na kusikia, kweli nilisikia, basi likibadilisha gia kwenye ule mlima baada ya kituo. Moyo uliniuma. Nilimwona mwanangu mdogo akimuuliza jirani, "Mama?"

Nikampigia jirani. Akasema atakaa mpaka saa 10 alfajiri, baada ya hapo ana kazi yake, hawezi. Nikasema nitafika. (Nilisema uongo, nilijua basi ni saa 11.)

Saa 4 hivi Da Mkubwa akaomba kulala. Nikamwacha. Saa 5 kasoro nikamwona amelala vizuri mno, kinywa wazi, shati limelowa mgongo mzima na mashine zote zimezimwa, chumba kimepoa. Nikamwamsha. Alifungua macho akaniita jina la mtu mwingine. Nikapima: 2.9.

Nilikuwa nimempa sukari! Ilipanda nikaiona kwa macho! Kwa nini ilishuka tena?

NesiWaUsiku

Asante mama. Sasa naandika kirefu, mnisamehe.

Glibenklamidi haileti insulini kutoka nje. Inalifinya kongosho la mgonjwa mwenyewe liitoe insulini yake, na inaendelea kulifinya kwa muda mrefu, hata siku nzima. Haijui kama umekula au hujala. Kwa hiyo mtu akishuka kwa sababu yake, zile gramu 15 ni kama kuchota maji ndoo moja kwenye mtumbwi unaovuja. Yanapungua kweli, ila tundu bado lipo. Na kuna kitu kibaya zaidi: kongosho lililofinywa hivyo, likionja sukari uliyompa, hutoa insulini nyingine juu yake. Unapanda 4.3, halafu unashuka tena, wakati mwingine usingizini.

Ndiyo maana kwetu mgonjwa wa namna hii hatumruhusu kurudi nyumbani eti kwa kuwa amezinduka na anataka chai. Tunamtundikia dripu ya glukosi, tunampima kila baada ya muda mfupi, tunakaa naye saa 24 au zaidi. Ndugu hukasirika. "Mbona anaongea vizuri?" Anaongea vizuri kwa sababu dripu inaingia.

Umri nao. Sehemu ya dawa hii hutoka kwa njia ya figo, na figo za mtu wa miaka 61 huenda zimechoka bila yeye kujua. Zikichoka, dawa inabaki mwilini. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu limeandika wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa waliozidi miaka 60. Bado wapo wengi wanaoitumia, kwa sababu walianzishiwa wakiwa na 45 na hakuna aliyehesabu birthdei zao.

Kwa hiyo jibu langu: ile 4.3 haikuwa ruhusa. Ungepanda basi, Da Mkubwa angelala peke yake kwenye taulo kama alivyosema, na saa 5 hakuna ambaye angemwamsha.

Una kosa moja dogo nalo ni hili: baada ya sukari ulipaswa kumpa chakula kinachokaa tumboni, mkate, biskuti, chochote kilichokuwepo. Huenda angeshuka vilevile, kwa dawa hii chakula peke yake hakitoshi. Ila sukari tupu ni moto wa makaratasi.

MzeeKifimbo

Mke wangu ni wa insulini. Nimejifunza. Lakini swali langu bado lipo, na nesi umeliruka: watoto wawili peke yao kuanzia saa 10 alfajiri. Hilo nalo si hatari? Au kwa kuwa halina dripu?

NesiWaUsiku

Sijaliruka, Mzee. Sina jibu lake.

BintiWaTano

Nesi, mama yangu yeye anatumia metformini peke yake. Nianze kumwamsha usiku?

NesiWaUsiku

@BintiWaTano hapana dada, mwache alale. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu hivyo, haifinyi kongosho. Soma boksi zake zote uhakikishe hakuna nyingine pembeni, basi.

Mtoro77

Bado sijajibiwa habari ya mlinzi.

SindanoNne

@Mtoro77 nakujibu mimi. Mlinzi anafaa, nimewahi kuokolewa na mlinzi. Lakini "kuna mtu atalala ndani" si kukabidhi mgonjwa, hiyo ni taarifa ya funguo. Mlinzi angepita saa 6, akamulika tochi, akaona mama wa watu kalala, akafunga mlango taratibu asimwamshe. Kwa heshima kabisa.

Kama ungemwachia, ungemkalisha hapohapo alipo yeye getini, siyo ndani. Ungemwandikia kwenye karatasi: dawa fulani, kanywa saa 12, hajala, alikuwa 2.6 saa 3:12, kapewa sukari. Mwamshe kila saa moja, mwulize jina lake na lako. Asipojibu vizuri, vipakiti hivi hapa. Asipoamka kabisa, usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu na piga namba hii. Hapo ndipo unaweza kupanda basi, ukiwa umeona mlinzi ameisoma na ameuliza swali. Asiyeuliza swali hajaelewa.

Mtoro77

Akizimia si unammwagia soda taratibu pembeni ya mdomo? Ndivyo tulivyofanya kwa mjomba.

NesiWaUsiku

Mjomba wako alikuwa na bahati. Asiyejitambua hawezi kumeza, soda inaingia kwenye mapafu. Ubavu, na gari. Hakuna kingine.

Asiyesema

Huwa nasoma tu, siandiki. Leo naandika.

Mimi niliondoka. Miaka kadhaa iliyopita, mwenzangu wa zamu, hali kama hiyo, alikunywa soda akachangamka, tukacheka, akaniambia wahi gari. Niliwahi. Alikutwa asubuhi chooni akiwa na degedege. Hakufa. Lakini maneno yake tangu siku ile yanatoka polepole, anatafuta majina ya vitu, na hawezi tena kazi ya hesabu aliyokuwa akifanya. Sukari ikikaa chini muda mrefu, ubongo unaumia, ndivyo walivyomweleza mkewe.

Wanangu siku hiyo walikuta mama yao nyumbani na wali wa moto. Sijui niseme nini zaidi. Sikujua, na hakuna aliyeniuliza dawa.

Kondakta_Mstaafu

Pole sana, dada au kaka. Usibebe yote.

MamaMashuka

Namalizia, maana kesho nina zamu.

Baada ya ile 2.9 nilimpa vipakiti vinne, halafu nikampigia msimamizi wetu nikapiga kelele kwenye simu. Sijivunii. Likaja gari la hoteli, mlinzi akatusaidia kumbeba. Hospitali wakamtundikia dripu na wakambakiza mpaka usiku wa siku iliyofuata, kama nesi alivyosema. Mwanawe alifika saa 11 na nusu alfajiri, akachukua kiti changu, nikapanda basi la asubuhi nikiwa na viatu vyangu vyote viwili.

Nilifika nyumbani saa 1 kasoro dakika kumi. Jirani aliondoka saa 10 kama alivyosema. Nilimkuta mkubwa amekaa mlangoni, mdogo amempakata, sufuria ya maziwa iko juu ya jiko. Mdogo aliamka saa 11 akilia, mkubwa akawasha gesi akampashia maziwa. Sijawahi kumfundisha kuwasha gesi. Aliniona nikifanya akaiga. Maziwa yalifurika yakazima moto, na gesi ilikuwa bado imefunguliwa kidogo. Niliisikia harufu kutoka mlangoni. Hakuna kilichotokea. Nimeifunga, nimefungua madirisha, nimekaa chini nikatetemeka mimi sasa, na sukari yangu iko sawa.

Dada yangu aliposikia akasema nimemwokoa mwana wa watu kwa kuwaweka rehani wangu. Jirani ananisalimia kwa kichwa tu. Da Mkubwa wamembadilishia dawa na anarudi kazini wiki ijayo.

MzeeKifimbo

Hilo la gesi ndilo nililokuwa nalisema. Bado nasimama na dada yako, mama, ingawa nakuheshimu. Msimamizi ungempigia saa 3:28, siyo saa 5. Gari lingekuja saa hiyohiyo, na pengine lingekupitisha nyumbani.

MamaMashuka

Mzee, hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko lako la kwanza. Sikumpigia kwa sababu mashine ilisema 4.3 na niliona haya kumsumbua bosi kwa mtu anayeongea.

NesiWaUsiku

Hapo nakubaliana na Mzee. Glibenklamidi, hajala, ameshuka chini ya 3: gari liitwe papo hapo, hata kama amepanda na anaimba. Na mama, Da Mkubwa akirudi mwulize kama walimpima figo. Si kubadilisha dawa tu.

SindanoNne

Na mwambie aache kutunza vijiti kama akiba ya benki. Vinne havitoshi usiku mmoja wa namna hiyo.

MamaMashuka

Nitamuuliza. Ameniagizia salamu na kusema kiatu chake kimoja hakioni. Nimeangalia, nilikileta nyumbani kwenye mkoba, sikumbuki saa ngapi.

Mkubwa wangu leo ameniomba nimfundishe jiko vizuri, "ili siku nyingine ukibaki." Sijamjibu.

MpitaNjia

Sijasoma kurasa zote. Mumeo anaendeleaje?